Laivu ya matanga na mtoto aliyesimama mbele ya kamera

Ijumaa na Jumamosi, ukipita Changamwe, Mikindani au Likoni, si ajabu kuwakuta watu wanne watano wameizunguka simu moja wakitazama maziko yanayoendelea Oyugis, Mbita au Rongo. Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa nyingi, ruhusa kazini haipatikani, basi jamaa huhudhuria kwa bando. Kule nyumbani amekodiwa mpiga video, ana kamera mbili na modemu, na shughuli yote inarushwa laivu YouTube au Facebook ili ndugu walioko Mombasa, Nairobi na Doha wasikose kumzika mtu wao.

Sina ugomvi na laivu. Kwa wengi wetu tuliooana na watu wa Homa Bay na Migori imekuwa njia ya pekee ya kuwapa pole wakwe kwa wakati. Jambo linalonishughulisha ni mtoto. Katika saa nne au tano za video hiyo kuna dakika ambapo watoto wa marehemu huitwa mbele. Mkubwa hushika kipaza sauti, husema jina lake, darasa lake, pengine na shule yake, kisha husoma barua aliyomwandikia babake. Mfawidhi huongeza kwamba sasa watoto watabaki na shangazi wa Awendo, na namba ya mchango inasomwa mara tatu. Mtu yeyote duniani mwenye linki amepata jina, uso, sauti, shule, mlezi mpya, na habari kwamba mtoto huyu hana tena baba wa kumuulizia.

Wazazi wengi ninaozungumza nao huamini kwamba mitandao ina ulinzi wake kwa watoto, na kweli upo. Shida ni kwamba ulinzi huo umegawanyika sehemu tatu ambazo watu huzichanganya. Kuna umri wa mwenye akaunti. Kuna nani anaruhusiwa kuona. Na kuna swali la kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ukibonyeza kimoja ukidhani umebonyeza kingine, mtoto anabaki wazi palepale na wewe unalala ukijua umemfunika.

Tuanze na umri. TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp zote zinasema mtu asifungue akaunti kabla ya miaka 13. TikTok inakwenda mbele zaidi: akaunti ya mtoto wa chini ya miaka 16 inaanza ikiwa imefungwa kwa wageni, haipokei ujumbe wa faragha, na video zake hazisukumwi kwa watu asiowajua. Kwenda laivu huko ni mpaka miaka 18. YouTube nayo, tangu tarehe 22 Julai 2025, haimruhusu mtu wa chini ya miaka 16 kurusha laivu akiwa peke yake.

Yote hayo ni mazuri, lakini yanamfuata mwenye akaunti. Hayamfuati mtoto anayeonekana. Mama wa miaka 38 akipandisha kwenye akaunti yake video ya bintiye wa miaka saba akicheza ufukweni Homa Bay, kwa TikTok ile ni video ya mtu mzima. Haifungwi, haizuiwi, na inaweza kusukumwa kwa watu elfu kumi kabla ya magharibi. Mpiga video wa matanga ni hivyo hivyo: chaneli ni yake, umri ni wake, na watoto saba walioketi mstari wa mbele hawahesabiki popote. Basi usitegemee kikomo cha umri kumlinda mtoto ambaye hakuifungua akaunti. Kwake yeye, kazi yote iko katika swali la pili.

Swali la pili ni nani anaona. Kwa YouTube, anayepandisha video huchagua neno moja kati ya matatu chini ya "Visibility". "Public" maana yake video inatafutika, inapendekezwa na mashine kwa wageni, na inakaa kwenye ukurasa wa chaneli. "Unlisted" maana yake haitokei kwenye utafutaji wala kwenye chaneli wala haipendekezwi, ila yeyote aliyepewa linki anaifungua. "Private" maana yake inaonwa na waliotajwa kwa barua pepe zao tu, na lazima wawe na akaunti ya Google.

Kwa matanga, arusi, ama sherehe ya mtoto kutimiza mwaka, mimi nashauri "Unlisted" siku ya shughuli. "Private" ni salama zaidi kwenye karatasi, lakini nyanya wa Ndhiwa anayetazama kwa simu ya mjukuu hana barua pepe anayoikumbuka, na jioni hiyo simu zitakuwa ni za kuuliza kwa nini haifunguki. Ukilazimisha "Private" kwa watu mia mbili, saa ya pili mtu mmoja ataibadilisha iwe "Public" ili kelele ziishe. "Unlisted" inafanya kazi kwa linki tu: unaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia na kila mtu anaingia. Hata laivu inaweza kuwekwa hivyo kabla haijaanza, na hili wapiga video wengi wanalijua ila hawalifanyi, kwa sababu wanataka chaneli yao ipate watazamaji.

Udhaifu wa "Unlisted" ni mmoja na ni mkubwa. Linki ni kama ufunguo usiojua mwenyewe. Binamu mmoja akiibandika kwenye ukurasa wa Facebook wa kijiji, au mtu akiiingiza kwenye orodha ya video iliyo wazi, pazia limeondoka. Kwa hiyo usiiache miaka. Baada ya wiki mbili, wote waliotaka kuona wakiwa wameona, inabadilishwa kuwa "Private". Video haifutiki na linki haibadiliki, ila anayebonyeza anakuta mlango umefungwa. Na familia iwe imepewa faili lenyewe kwenye flashi, kwa sababu kumbukumbu ya mzee haifai kukaa mahali pamoja tu, tena kwenye akaunti ya mtu wa nje.

Facebook ina mtego wake. Mtu akirusha laivu kutoka akaunti yake binafsi anaweza kuchagua "Friends". Lakini akirusha kutoka ukurasa, ule wanaouita "Page", kwa kawaida inakuwa wazi kwa watu wote, na hakuna kitufe cha "Friends" cha kutafuta. Wapiga video karibu wote hutumia ukurasa. Ndiyo maana, ukiwa na watoto katika shughuli, YouTube ya "Unlisted" ni afadhali kuliko ukurasa wa Facebook wenye wafuasi elfu thelathini.

WhatsApp watu huiona kuwa ni nyumbani. Hebu ingia kwenye mipangilio ya faragha ya "Status" uangalie. Kama imewekwa "My contacts", basi video ya mwanao akioga kwenye karai inaonwa na kila mtu uliyehifadhiana naye namba: fundi wa friji, bodaboda wa mwaka juzi, wakala aliyekuonyesha nyumba. "Only share with" inakupa kuchagua majina machache, na simu inayakumbuka mara nyingine. Inachukua dakika tatu. Wala usihesabu kwamba itapotea baada ya saa 24. Wewe ndiye hutaiona tena. Aliyekwisha kuirekodi kwenye skrini anayo.

Sasa swali la tatu, ambalo ndilo linapotoshwa zaidi. Kila unapopandisha video YouTube unaulizwa kama ni ya watoto. Majibu ni mawili: "Yes, it's made for kids" na "No, it's not made for kids". Mzazi anaangalia video, anamwona mwanawe ndani, anabonyeza "Yes" kwa roho safi, akiamini kwamba amemkinga.

Swali hilo halimhusu mtoto aliye ndani ya video. Linamhusu mtoto anayetazama. Asili yake ni Marekani. Septemba 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 baada ya serikali ya huko na jimbo la New York kuishtaki kwamba YouTube ilikusanya habari za watoto wa chini ya miaka 13 waliokuwa wakitazama katuni na nyimbo, bila idhini ya wazazi, ili kuwauzia matangazo. Tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli, awe Texas au Kendu Bay, analazimika kusema kama video yake imelengwa kwa watoto. Ikiwa ndiyo, matangazo ya kumfuatilia mtazamaji yanazimwa, na maoni, gumzo la laivu na uwezo wa kuihifadhi kwenye orodha vinazimwa pia.

Kuzimwa kwa maoni ni faida, sikatai. Lakini video inabaki "Public" kama ilivyokuwa, na zaidi ya hapo YouTube yenyewe inasema kwamba video zilizotajwa kuwa za watoto hupendekezwa zaidi pamoja na video nyingine za watoto. Umetaka kumficha binti yako, umempeleka kwenye foleni ya katuni. Kwa maziko, kwa arusi, kwa safari ya familia, jibu la kweli ni "No", kwa sababu hukuitengeneza ili watoto waitazame. Ukitaka maoni yazimwe, kuna kitufe chake cha maoni peke yake, kizime. Jibu la "Yes" ni la wimbo wa kuhesabu, hadithi ya sungura, mtoto anayefungua mwanasesere mbele ya watoto wenzake.

Kuna kosa kinyume chake ambalo ni baya zaidi. Chini ya swali hilo kuna lingine la kuzuia video kwa walio chini ya miaka 18, na wako wanaolichagua wakifikiri kwamba kikomo cha umri kinamlinda mtoto wao. Fikiria umefanya nini. Umewaondoa watoto wote kwenye watazamaji, umebakisha watu wazima peke yao, na umeibandika video ya mtoto alama ya mambo ya wakubwa. Kitufe kile ni cha picha za damu, ulevi na mfano wa hayo. Ikiwa video ya mwanao inaonekana kuhitaji kitufe kile, haifai kupandishwa.

Nani hasa anatazama? Hapa nitatoka kidogo Nyanza niende Brazili, kwa sababu kisa cha huko kiliandikwa kwa undani na kinafanana mno na tunayoyaona ziwani. Juni 2019 gazeti la New York Times liliandika habari za mama mmoja ambaye binti yake wa miaka 10 alijipiga video na rafiki yake wakicheza kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Hakuna baya ndani yake. Baada ya siku chache ilikuwa imetazamwa mara 400,000. Mashine ya mapendekezo ilikuwa imejifunza kwamba kuna watu wazima wanaotazama watoto waliovaa nguo chache, na ikawa inawapelekea video moja ya nyumbani baada ya nyingine. Mwezi Februari mwaka huohuo YouTube ilikuwa imezima maoni kwenye makumi ya mamilioni ya video zenye watoto, baada ya kufichuliwa kwamba watu wale walikuwa wakiyatumia maoni kuonyeshana.

Jamaa wa Pwani na Nairobi wakienda likizo Rusinga, Mfangano au Muhuru Bay, video ya kwanza wanayopiga ni ya watoto wakioga ziwani. Watoto wa huko huingia majini walivyozaliwa, au na chupi, na kwao si jambo. Kwenye simu ya mjomba si jambo pia. Kwenye "Public" ni bwawa la Brazili.

Dalili zipo ukijua pa kuangalia. Video ya familia hupanda wiki ya shughuli kisha hulala. Ukiona ya watoto imelala miezi mitatu halafu inapanda ghafla, fungua takwimu zake katika YouTube Studio uangalie watazamaji wanatoka wapi. Ikiwa wengi wameletwa na mapendekezo au wanatoka nchi ambako huna ndugu, iondoe siku hiyo. Ukiona maoni ambayo ni dakika na sekunde tu, kama 3:12, bila neno, nenda uitazame sekunde hiyo. Mara nyingi utakuta mtoto ameinama au nguo imepanda. Na ukiona video fupi ya mwanao imetazamwa kuliko zako zote wakati ya harusi ya dada yako ina watu arobaini, usifurahie.

Hatari ya matanga ni ya namna nyingine, ni ya pesa. Anayetaka kuchangisha kwa ulaghai anahitaji uso wa mtoto anayelia na hadithi ya kweli. Laivu iliyo wazi inampa vyote, yeye anabadilisha namba ya simu tu. Au anampigia shangazi wa Awendo akijitambulisha kuwa ni wa mfuko wa karo, na anawataja watoto kwa majina na madarasa yao, ndiyo maana anaaminika.

Nimesema mpiga video ndiye mwenye chaneli. Hapa ndipo familia inaweza kufanya jambo kabla, wakati bado ina sauti, yaani kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Tuchukue mfano. Mzee amefariki Homa Bay, ameacha watoto wanne, mdogo ana miaka sita na mkubwa kumi na nne. Kamati ya mazishi inaketi Mombasa na nyumbani kwa wakati mmoja. Kuna mtu wa jeneza, mtu wa hema, mtu wa chakula. Mpe mtu mmoja kazi ya video, na huyo amtumie mpiga video ujumbe wa WhatsApp ambao utabaki ushahidi:

"Kaka, laivu ya Jumamosi tunaomba iwe YouTube na iwekwe Unlisted, linki utume kwangu tu. Picha ya juu iwe ya marehemu, isiwe ya mtoto. Majina ya watoto yasiandikwe kwenye kichwa cha video. Watoto wakisoma, kamera ya mbali. Baada ya siku 14 iwekwe Private na faili utupe kwenye flashi. Ukikubali jibu ndiyo, nusu ya malipo tunatuma leo."

Picha ya juu nimeitaja kwa makusudi. Hata video ikiwa ya saa tano, wageni wanaona picha ile na kichwa tu, na mpiga video anajua kwamba mtoto anayelia huvuta watu. Kamera ya mbali pia ina maana yake: jamaa wanasikia barua, lakini uso haujazi skrini ukakatwa kuwa kipande cha TikTok. Na mfawidhi aambiwe asitaje shule. "Wako darasa la nne na la nane" inatosha.

Akisema kwamba video ni mali yake kwa kuwa kamera ni yake, si hivyo moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaichukulia kazi iliyoagizwa na kulipiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo. Familia iliyomkodi ina neno.

Sisi huku Pwani maziko yetu ni ya haraka, na kamera si nyingi makaburini. Tusijione tumepona. Video za arusi, za maulidi, za watoto wa madrasa wakisoma kwenye mashindano, tunazipandisha wazi na jina la madrasa limeandikwa ukutani nyuma ya vichwa vyao. Ujumbe ule wa WhatsApp unafaa huku pia, ukibadilisha maneno mawili matatu.

Kuna video za Migori ambazo hazihitaji mipangilio, zinahitaji kutopandishwa. Upande wa Kuria, msimu wa tohara ukifika mwishoni mwa mwaka, wavulana hutembezwa barabarani wamefunikwa shuka na noti zimebanwa nguoni, ndugu wanaimba, na kila mtu ana simu juu. Ni furaha ya ukoo. Lakini mvulana yule uso wake uko wazi na kila mtazamaji anajua amefanyiwa nini asubuhi ile, naye atakuja kuwa mwalimu au diwani na video iko palepale. Na ikiwa anayetembezwa ni msichana, hiyo si video ya familia. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na unachokishika mkononi ni ushahidi wa kosa juu ya mtoto. Usiuweke "Status" hata kwa nia ya kulaani, maana unamsambaza yeye. Piga 116, ambayo ni bure na ni ya watoto, au mpelekee afisa wa watoto au polisi.

Na sheria ya faragha inasemaje juu ya haya yote? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na hata idhini ikiwepo, jambo lenyewe liwe kwa maslahi ya mtoto. Mtoto ni wa chini ya miaka 18, si 13 ya mitandao. Picha na sauti vimo. Ila sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 51, inamwachia mtu anayefanya mambo yake binafsi au ya nyumbani. Video ya bintiyo uliyomtumia bibi yake imo katika nafasi hiyo. Chaneli ya mpiga video inayoingiza pesa kwa matangazo, ni vigumu sana kuiita ya nyumbani. Hata chaneli ya mama mwenyewe, ikishafikia kutangaza sabuni kwa kumtumia mtoto, naona imetoka jikoni imeingia sokoni.

Kwamba sheria hii ina meno, Wakenya waliliona Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait, iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mitandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule ile haikuwa imepandisha matusi. Zilikuwa ni picha za watoto, na hilo lilitosha.

Basi ikiwa video ya mwanao imo tayari kwenye chaneli ya mtu na hutaki, mpangilio wa hatua una umuhimu. Kwanza hifadhi ushahidi kabla ya kumgusa mtu: nakili linki, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la chaneli na tarehe, andika dakika ambayo mtoto anaonekana. Ukianza na ugomvi, ataifuta leo airudishe kesho kwa jina jingine na huna cha kuonyesha. Kisha mwandikie mwenye chaneli kwa adabu, mpe siku mbili. Wengi hukubali, hasa ukimwambia kwamba si lazima aifute, aiweke "Private" inatosha, au aikate sehemu ya watoto kwa kifaa cha kuhariri kilichomo ndani ya YouTube Studio.

Akikataa, YouTube ina fomu ya malalamiko ya faragha. Kwa mtu mzima lazima alalamike mwenyewe, lakini kwa mtoto mzazi au mlezi wa kisheria analalamika kwa niaba yake, kwa hiyo ajaze mama, si mjomba wa Mombasa mwenye hasira. Lazima mtoto atambulike kwa uso, sauti au jina, na utaje dakika yenyewe. Mwenye video hupewa saa 48 kushughulikia, kisha YouTube inaamua. Wakati huohuo unaweza kuiomba Google iondoe picha za mtoto wa chini ya miaka 18 kwenye matokeo ya utafutaji. Hilo haliifuti video ilipo, ila anayeandika jina la mtoto haletewi uso wake.

Mlango wa mwisho ni Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kupitia odpc.go.ke. Sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko. Siku 90 ni nyingi kwa video inayosambaa, ndiyo maana fomu ya YouTube inatangulia na hii inafuata kwa ajili ya mpiga video ambaye amefanya hivyo kwa familia tatu nyingine. Ambatisha ule ujumbe wa WhatsApp. Ikiwa alijibu "ndiyo" kisha akaweka "Public", lalamiko lako lina uzito. Ikiwa hakuna aliyemwandikia lolote kabla ya maziko, tegemea atasema kwamba familia nzima ilikuwa pale, kamera ilikuwa wazi, na hakuna aliyekataa.